Ukurasa wa Kumi na Nne

Mchanganuo wa biashara wa Mama Mkate ulirudishwa mara tatu. Mwanamke mwingine angeshautumia kuwashia tanuri.

Mara ya kwanza alipeleka kurasa nne, mbili zikiwa za kueleza jinsi alivyofiwa na mume, na tanuri lake lilivyopasuka mgongo, na Mungu alivyo mkubwa. Dada wa Mikopo, msichana mwembamba aliyekaa nyuma ya meza yenye mafaili kama matofali, alisoma zote nne bila kupepesa.

"Mama, pole sana," alisema. "Lakini hapa umeniambia una shida. Wenye shida ninao foleni nzima, hao hapo nje. Mimi niambie utalipaje."

Mara ya pili alipeleka hesabu. Mikate mia tano kwa siku, siku zote, mwezi mzima, mwaka mzima. Dada wa Mikopo akauliza wateja ni nani. Shule mbili na jiko la hospitali. Akauliza shule zikifunga mikate ya wanafunzi inaliwa na nani. Mama Mkate akaanza kuhesabu likizo kwa vidole, na msichana akamsukumia karatasi zake taratibu, kama mtu anayerudisha sahani isiyoiva.

Mara ya tatu kila kitu kilikuwa sawa. Siku za kazi ishirini na sita, unga magunia mawili kwa siku, mikate mia mbili na themanini, sukari, hamira, mafuta, umeme, usafiri. Msichana alipitisha kalamu chini mpaka mwisho, akacheka.

"Mama, wewe huli?"

"Nakula, kwa nini?"

"Mwanao hasomi? Humu hakuna chakula chenu, hakuna ada. Mtu anayesahau kula kwenye mchanganuo atakuja kula rejesho langu."

Basi wakaketi wote wawili, saa sita kasorobo mchana, wakaurekebisha pale pale. Haki ya mtu mpe: yule msichana alifundisha vizuri, na alifundisha bure. Alimweleza kwamba benki haimpi mtu mkopo kwa sababu ana nyumba. Nyumba ni ya kukimbilia mambo yakiharibika, na benki haipendi kukimbia. Kwanza inatazama kama biashara yenyewe, baada ya kulipa kila kitu na wenyewe kula, inabakiza pesa ya kutosha rejesho na akiba juu yake. Kwa kila mia ya rejesho, benki hii ilitaka ione mia na thelathini imebaki. Ikipungua hapo, hata ulete hati ya ikulu, faili linafungwa.

Mkopo aliotaka ulikuwa milioni kumi na mbili kwa miaka mitatu, wa tanuri la umeme na mashine ya kukandia. Milioni tatu nyingine angetia mwenyewe, akiba ya miaka mitano. Rejesho lingekuwa laki nne na thelathini na nne elfu kwa mwezi. Pesa iliyobaki kwenye jedwali haikutosha.

"Hapa umejiandikia mshahara laki tatu," msichana alisema. "Wa nini? Mwenye biashara hali mshahara, anakula faida. Weka laki na nusu ya msimamizi, kwa heshima ya hesabu. Chakula na ada weka laki mbili, matumizi ya nyumbani ya mwenye biashara. Kitakachobaki si chako?"

Mama Mkate akaandika laki na nusu kwa mkono wake mwenyewe. Ikabaki laki sita na nusu. Mara moja na nusu ya rejesho! Alitoka benki siku ile akitembea kama aliyevishwa taji, na jioni binti yake akauchapa upya mchanganuo mzima, kurasa ishirini na mbili, jedwali la mapato na matumizi likiwa ukurasa wa kumi na nne. Binti alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza shule. Alipofika kwenye neno "ada" alilichapa kwa herufi nzito, kisha akaona aibu, akazirudisha nyembamba.

Zikabaki leseni na dhamana. Na hapo ndipo ndugu anapoingia.

Marehemu mumewe na kaka yake mkubwa walijenga nyumba moja kwa mikono minne. Mdogo alipiga matofali, mkubwa alinunua mabati. Wakati wa kuchukua hati, mdogo alisema hati isome jina la kaka, kwani ndugu ni ndugu. Mdogo alipokufa, mjane na binti walibaki kwenye chumba cha nyuma, na tanuri likabaki uani. Mkataba wa upangaji haukuwepo. Shemeji alikuwa na msemo wake, na aliusema akijishika kifua: "Ndugu hawaandikiani."

Sasa mtu wa leseni anataka kuona eneo la biashara ni la nani. Mjane asiye na hati wala mkataba hana eneo. Kwa hiyo, mwaka uliopita, leseni ilichukuliwa kwa jina la shemeji. Jina tu. Akaunti ya benki nayo ikafunguliwa kwa leseni ile ile, mwenye akaunti shemeji, mtia saini Mama Mkate. Jina tu. Na kila siku ya kazi kwa mwaka mzima, jua au mvua, Mama Mkate alivua aproni yenye unga akaenda kuweka mauzo ya siku dirishani, kwa kuwa aliambiwa benki hupenda akaunti inayopumua.

Dada wa Mikopo alipofungua viambatisho, uso ulimbadilika.

"Mama, mwombaji hapa ni nani?"

"Mimi."

"Leseni si yako. Akaunti si yako. Hii taarifa ya mwaka mzima, nzuri hivi, si yako. Nyumba si yako." Alishusha sauti. "Kwa benki, wewe ni mtu aliyekuwa anatumwa kuweka pesa."

"Ni jina tu, mwanangu. Ni shemeji yangu, kaka wa marehemu."

Msichana akamwekea njia mbili mezani. Achukue leseni mpya kwa jina lake, afungue akaunti mpya, aiwekee pesa mwaka mwingine, halafu atafute dhamana. Au shemeji awe mwombaji, yeye aandikwe msimamizi. Tanuri lile lilikuwa na ufa wa kuingia vidole vitatu. Mwaka lisingefika.

Alimwendea shemeji jioni ile ile, akampigia magoti. Alitarajia abembeleze wiki nzima. Shemeji, mtu aliyekuwa hatoi hata kiberiti bila kuuliza kitarudi lini, alikubali kabla chai haijapoa.

"Si ni mambo ya familia, shemeji? Nipe huo mchanganuo niusome."

Aliusoma siku nne. Kurasa ishirini na mbili, na miwani.

Mthamini akaja na utepe wake, akapima kuta, akapiga picha, akauliza barabara ya lami iko umbali gani. Ada ya mthamini alilipa Mama Mkate. Ripoti ikasema nyumba ikiuzwa kwa utulivu inafika milioni ishirini na nane, ikiuzwa haraka haraka kwa mnada ni ishirini. Benki haikutazama ile ya utulivu. Ilitazama ya mnada, ikaikata tena, ikasema juu ya nyumba hii inaweza kukopesha mpaka kumi na nne. Kumi na mbili zilienea. Shemeji alikunja nakala yake ya ripoti akaiweka mfuko wa shati, na kwa siku kadhaa kila alipokohoa aliugusa ule mfuko.

Halafu ikaja siku ya ukaguzi. Dada wa Mikopo alivaa viatu vya chini, akaingia uani saa nne asubuhi na daftari lake. Shemeji alikuwa amevaa aproni. Aproni ya Mama Mkate, ile mpya, iliyokuwa haijaguswa na unga. Mama Mkate alipoiona alicheka kidogo, akidhani ni mzaha wa kumfurahisha mgeni.

"Nimeianzisha hii kwa jasho langu," shemeji alimwambia mgeni, akipiga tanuri kofi la upendo, kisha akaupuliza mkono. Lilikuwa la moto. Mtu wa mikate anajua.

Kicheko cha Mama Mkate kikaisha.

Dada wa Mikopo aliandika, akageuka. Uso wake haukuonyesha kitu. Kazi yake ilimtaka uso wa namna hiyo. "Gunia moja la kilo hamsini linatoa mikate mingapi, mzee?"

"Mingi," shemeji alisema.

"Mingapi?"

"Kama... mia mbili hivi? Mia mbili na kitu."

Kalamu ikasimama hewani. Mchanganuo ulisema mia na arobaini. Mwombaji asiyejua gunia lake linatoa mikate mingapi ana biashara ya kuazima, na faili la namna hiyo halifiki kwenye kamati ya mikopo. Shemeji alimtazama Mama Mkate. Msichana naye akamtazama. Unga tu ulielea kwenye mwanga wa mlangoni.

Angenyamaza, mkopo ungekufa pale pale na hila ya shemeji ingekufa nao. Alilijua hilo, alikuwa si mjinga. Lakini aliona pia ule ufa, na binti, na miaka mitano ya akiba. Na juu ya yote hayo kulikuwa na jambo dogo la kijinga: alisikia mtu akisema mia mbili, mbele ya tanuri lake, na masikio yakamuwasha.

"Mia na arobaini," alisema. "Mia na arobaini na tatu ukikanda vizuri. Mia mbili ni ya mtu anayeuza hewa."

"Ndiyo huyo msimamizi wangu," shemeji akadakia, akicheka kwa sauti. "Mambo madogo madogo namwachia yeye."

Dada wa Mikopo alifungua ukurasa mwingine. "Nauliza kuhusu hatari. Uzoefu wote wa biashara uko kwa msimamizi. Akiondoka?"

"Huyu?" Shemeji alishangaa kweli, kama aliyeulizwa ikiwa ukuta utahama. "Huyu hana pa kwenda."

Msichana akaandika. Mama Mkate, aliyesimama upande wa daftari, alisoma maneno mawili: hatari ndogo.

Mkopo ukapita. Siku ya kutia saini, mke wa shemeji alisaini kuridhia nyumba iwekwe rehani, shemeji akasaini kila palipowekwa alama, na Mama Mkate akasaini palipoandikwa shahidi. Milioni zake tatu zilishaingia kwenye akaunti kama mchango wa mwombaji. Benki haikumpa mtu pesa mkononi. Ilimlipa muuza mashine moja kwa moja, na baada ya siku tisa tanuri likashushwa uani likiwa limefungwa plastiki, limeng'aa mpaka unajiona. Mama Mkate alilia. Alilishika kama mtu anayemshika mtoto wa mwenzie, kwa uangalifu, akijua ni wa mwenzie.

Alikanda mwezi mzima. Mikate ilipanda vizuri, jiko la hospitali likasifu, shule zikaongeza. Mwisho wa mwezi shemeji akamwita sebuleni. Mchanganuo ulikuwa mezani, umefunguliwa ukurasa wa kumi na nne, na juu yake bahasha.

"Laki na nusu," shemeji alisema. "Hesabu."

"Shemeji, na ile laki mbili? Ya chakula na ada?"

Shemeji alivaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma kama mwalimu wa watoto wadogo. "Matumizi ya nyumbani ya mwenye biashara. Mwenye biashara ni nani hapa?"

"Ile ni ada ya mwanangu!"

"Haijaandikwa mwanao. Imeandikwa ada. Na mimi nina mabinti wawili wanasoma." Alivua miwani. "Shemeji, mimi sijabadilisha hata nukta. Mshahara umeuandika mwenyewe, kwa mwandiko wako, nimeuona kwenye rasimu. Laki na nusu. Nilishangaa mtu anavyojipunja, lakini nikasema ndugu hawaingiliani."

Alitoka pale, akaenda benki na aproni yake. Dada wa Mikopo alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua faili, akabonyeza mashine ya hesabu, ingawa jibu alikuwa analijua.

"Tukikuongezea laki moja tu, inabaki laki tano na nusu. Rejesho ni laki nne thelathini na nne. Kwa kila mia ni mia na ishirini na saba. Iko chini ya mstari. Mkopo ulipitishwa kwa hesabu hizi, mama. Akitaka kukupa anaweza, benki haimshiki mkono. Lakini akisema benki haitapenda, hasemi uongo."

"Wewe ndiye uliyeniambia niandike laki na nusu."

"Nilikuambia hivyo nikidhani wewe ndiye mwenye biashara." Msichana aliinamisha macho kwenye mashine. Alikuwa na aibu, lakini aibu yake haikuwa na laki mbili ndani.

"Ulijua pale uani. Ulimwona."

"Nilimwona. Benki haikuniuliza nani amewaza, mama. Iliniuliza kama zitalipwa, na zisipolipwa kuna nini cha kushika."

Mama Mkate akaivuta karatasi karibu. Halafu akauliza swali, polepole, kama mwanafunzi anayetaka kuhakikisha amesikia sawa.

"Na zisipolipwa?"

"Barua ya kwanza, ya pili, notisi. Kisha nyumba."

"Na mimi nilisaini wapi?"

Msichana akafunua kurasa, ingawa alikumbuka. "Shahidi. Wewe hudaiwi kitu."

Kesho yake saa tatu asubuhi, magunia mawili yakiwa tayari yamekandwa na unga unaumuka kwenye mabeseni, Mama Mkate alivua aproni akaining'iniza kwenye msumari. Alikwenda chumba cha nyuma, akafunga godoro, sufuria tatu na madaftari ya binti. Barua za shule na hospitali za kuagiza mikate zilikuwa kwa jina lake. Hizo aliziweka kifuani. Ng'ambo ya mji kulikuwa na mwoka mikate mmoja mzee, mgomvi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimwomba waje wafanye kazi pamoja nusu kwa nusu. Safari hii Mama Mkate alikuwa amempelekea jibu, na sharti: waandikiane.

Binti alisimama mlangoni na begi. Alitazama ule ukuta wa nyuma, ambao baba yake alikuwa ameandika tarehe kwa kidole kwenye saruji mbichi.

"Mama, wakiiuza? Si nusu ni ya baba?"

"Ndiyo. Wataiuza."

"Na sisi?"

"Sisi hatumo kwenye hati, mwanangu." Aliisema kavu, kisha akaegemea ukuta ule ule. Matofali yale aliyajua. Alimletea mumewe maji siku alipoyapiga, akiwa na mimba ya huyu huyu anayeuliza. Sasa yeye ndiye aliyekuwa anayapeleka mnadani, kwa miguu yake, na alikuwa na akili timamu.

Walikuwa wameshafika barabarani simu ilipolia. Nyuma ya sauti ya shemeji kulisikika tanuri likipiga kengele yake, na mtu akilia kwamba unga unamwagika.

"Shemeji! Umekwenda wapi? Huu unga umefura mpaka sakafuni, na gari la hospitali liko hapa. Moto naweka ngapi? Dakika ngapi? Shemeji, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Basi sema!"

"Angalia ukurasa wa kumi na nne," alisema Mama Mkate, akakata simu, akampokea binti lile godoro kwa sababu lilikuwa zito.